Hesabu iko nyuma ya kombaini

Mwezi wa Julai ngano ya Basotu, kwenye tambarare za Hanang mkoani Manyara, huwa imekauka kiasi kwamba bua likivunjwa linalia. Hapo ndipo kombaini zinapoingia mashambani. Kwa mbali unaiona mashine kubwa inatembea mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo, vumbi limeifunika, nyuma inaacha mstari wa mabua. Kila baada ya muda inanyoosha mkono wake wa pembeni na kumwaga ngano safi kwenye trela. Mbele inaingia mimea iliyosimama, pembeni inatoka nafaka. Yanayotokea katikati yamefichwa na mabati, na pengine ndiyo maana watu wengi wanaokodi mashine hii kila msimu hawajui waikague wapi.

Tambarare hizi zilifunguliwa kwa kilimo cha ngano cha mashine katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la NAFCO likisaidiwa na Kanada, juu ya ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia ng'ombe wao. Mgogoro wake ulifika hadi mahakamani, na hiyo ni habari ya siku nyingine. Leo tuifuate punje moja tangu ikiwa kwenye suke hadi iingie tangini, au idondoke chini njiani, kwa sababu njia ya kudondokea ni nyingi kuliko ya kufikia.

Tuchukue kombaini ya kawaida ya ukubwa wa kati, yenye upana wa mita 5 mbele. Kwenye meza yake ya kukatia kuna upau mrefu uliopigiliwa visu vidogo vya pembetatu, na upau huo unakwenda kushoto na kulia mamia ya mara kwa dakika, ukipita kati ya vidole vya chuma visivyosogea. Bua likiingia kati ya vidole viwili, kisu kinalibana kwenye kidole na kulikata. Kidole kikipinda au kisu kikiwa butu, bua halikatwi, linatafunwa. Dalili yake utaiona shambani: visiki vyenye nyuzi nyuzi, na mimea mingine imeng'olewa na mizizi yake.

Juu ya kisu linazunguka gurudumu pana la vibao na meno. Kazi yake ni kuinamisha masuke kuelekea mezani wakati kisu kinakata, ili yasiangukie mbele. Gurudumu hili linatakiwa lizunguke kwa kasi inayozidi kidogo tu mwendo wa mashine. Likiwa polepole, linaisukuma ngano mbele na baadhi ya masuke yanaanguka nje ya meza. Likiwa na haraka mno, linayachapa masuke yaliyokauka, na punje zinaruka kabla hata bua halijakatwa. Simama pembeni, jua likiwa nyuma yako, uangalie hewa iliyo juu ya meza: ukiona punje zinarukaruka kama cheche, gurudumu lipunguzwe kasi.

Urefu wa kukatia nao una hesabu yake. Mkulima anayetaka shamba lake libaki safi hupenda ngano ikatwe chini kabisa. Lakini kila sentimita ya bua inayokatwa lazima ipite ndani ya mashine yote, ipigwe, itikiswe, itupwe nje. Mashine haichoshwi na punje, inachoshwa na mabua. Dereva mzoefu hukata juu kadiri masuke yanavyomruhusu, akashuka pale tu ngano ilipolala. Kama mabua yanahitajika kwa ajili ya mifugo, na huku yanahitajika sana, mwenye shamba ajue kwamba anayalipia kwa mwendo mdogo zaidi.

Kilichokatwa kinakusanywa na parafujo kubwa inayolala mezani. Upande wake wa kushoto umejikunja kuelekea katikati, na wa kulia vilevile, kwa hiyo mimea yote ya mita 5 inasukumwa hadi katikati, na hapo minyororo yenye pau za chuma inaivuta kupanda ndani ya mashine. Njiani kuna kishimo cha kunasia mawe. Kishimo hicho kifunguliwe na kusafishwa kila siku, maana jiwe likikosa nafasi ya kuingia humo litaingia panapofuata, na panapofuata ndipo penye chuma cha thamani.

Hapo ndipo kuna ngoma ya kupura. Ni pipa la chuma linalolala kwa upana wa mashine, lenye kipenyo cha sentimita 60 hivi, limefungwa pau nene zenye mistari mshazari. Kwa ngano huzungushwa karibu mizunguko 1,000 kwa dakika. Ukipiga hesabu, uso wa ngoma unakwenda mita 31 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 110 kwa saa, wakati mimea inaingia kwa mwendo mdogo sana. Chini ya ngoma kuna wavu mzito wa chuma uliopinda kuifuata, ukiikumbatia karibu theluthi moja ya mzunguko wake. Mimea inapita kwenye nafasi iliyo kati ya ngoma na wavu: milimita 15 hivi mbele, ikibana hadi nusu ya hapo nyuma.

Watu husema ngoma inapiga, na ni kweli, lakini si yote. Pau zikikutana na mimea inayokwenda polepole zinaigonga, kisha zinaiburuta, na kwa kuwa nafasi inazidi kubana, masuke yanasuguana yenyewe kwa yenyewe na kwenye wavu. Punje zinatoka kwenye maganda yake kwa kugongwa na kusuguliwa pamoja. Ndiyo maana ngoma inayopewa mimea kidogo mno haipuri vizuri, inavunja. Mkeka wa mabua wenye unene wa kutosha hulinda punje zisigongane na chuma kitupu.

Nyingi ya punje zilizopurwa, kwa kawaida zaidi ya nane katika kila kumi, zinadondoka hapohapo kupitia matundu ya wavu. Hili ni jambo la kukumbuka, kwa sababu kutenganisha kunaanza ndani ya kupura. Mabua na punje zilizobaki zinarushwa nyuma.

Vitu viwili ndivyo dereva anavyoweza kuvibadilisha hapa: kasi ya ngoma na nafasi kati yake na wavu. Atajuaje kama amekosea? Apande tangini, achote konzi ya ngano, aipepete mkononi na kuikagua juani. Punje zilizokatika vipande na zilizochubuka zinamwambia ngoma ina kasi mno, au wavu umekaribia mno. Punje ambazo bado zimevaa ganda, na vipande vya masuke ambavyo havikupurika, vinamwambia kinyume chake. Aanze na kasi kwanza, kidogo kidogo, akague tena, ndipo aguse nafasi ya wavu. Akibadilisha vyote viwili kwa mara moja hatajua kipi kilimsaidia. Ngano ya mbegu inataka upole zaidi, kwa sababu punje inaweza kuonekana nzima kwa macho na huku kiini chake kimepasuka kisiote.

Kila nafaka ina mpangilio wake. Mahindi hupurwa kwa karibu nusu ya kasi hiyo na nafasi ya sentimita mbili na nusu au tatu, kwa kuwa gunzi ni nene. Maharage yanataka kasi ndogo zaidi ya hapo. Anayetoka shamba la ngano kwenda kwenye maharage bila kugusa chochote anakwenda kutengeneza chakula cha kuku.

Lakini hata shamba moja halina mpangilio mmoja wa kutwa nzima. Asubuhi umande umelainisha masuke, ganda linang'ang'ania punje, mabua yanajikunja kama kamba. Saa nane mchana vyote hivyo vimekauka, na ngoma ileile iliyokuwa ikiacha masuke mazima sasa inavunja punje. Jioni unyevu unarudi. Ndiyo maana kombaini haianzi kazi alfajiri kama trekta la kulima. Kwenye ngano husubiri jua lipande, mara nyingi hadi saa nne au saa tano, na dereva anayejali hugusa kasi ya ngoma mara mbili tatu kabla ya jua kuzama. Nafaka yenyewe, ikitakiwa kukaa ghalani bila kuvunda, iwe na unyevu wa asilimia 13 hivi au chini ya hapo.

Unyevu huohuo ndio uliomsumbua mtu aliyeitengeneza mashine ya kwanza ya aina hii. Hiram Moore na mwenzake John Hascall walipata hataza yao mwaka 1836 huko Michigan, Marekani, kwa mashine iliyovuna na kupura kwa pamoja, ikivutwa na farasi 16 na zaidi. Michigan ina hewa yenye unyevunyevu, na ngano yake haikuwa ikikauka vya kutosha ikiwa bado imesimama shambani. Mwaka 1854 mashine moja ilipelekwa kwa meli hadi Kalifonia, kwenye kiangazi kikavu kisicho na mvua, na huko ikaonekana thamani yake. Kombaini ilipata makazi yake kwanza katika hali ya hewa, ndipo ikaenea kwingine.

Turudi kwenye mabua. Yametoka kwenye ngoma yakiwa yamebeba sehemu ya mwisho ya punje, labda moja au mbili katika kila kumi, zimenasa katikati ya mkeka. Sasa yanaangukia juu ya mabati marefu yenye meno na matundu, manne au matano yakiwa sambamba, yamefungwa kwenye ekseli zilizopinda ili moja likipanda jirani yake anashuka. Yanapiga hatua hizo karibu mara 200 kwa dakika. Mabua yanarushwa juu, yanafunguka, punje zinapenya na kudondoka, na kila mruko unayasogeza nyuma kidogo hadi yanatupwa nje. Yote hayo yanachukua sekunde chache tu.

Hapa ndipo udhaifu wa aina hii ya kombaini. Ngoma inaweza kumeza zaidi, injini inaweza kusukuma zaidi, lakini mabati haya yanategemea uzito wa punje kujipenyeza kati ya mabua kwa muda uliopo. Mkeka ukiwa mnene mno punje hazifiki chini. Zinapanda na kushuka pamoja na mabua hadi nje. Upotevu huu haupandi taratibu kadiri unavyoongeza mwendo. Unabaki mdogo, mdogo, halafu ghafla unapaa. Kwa sababu hiyo miaka ya 1970 watengenezaji wa Marekani walileta kombaini zinazotumia rota ndefu mahali pa ngoma na mabati ya kutikisa. Ndani ya rota mimea inazungushwa mara kadhaa, na punje zinarushwa nje na nguvu ya mzunguko bila kusubiri kudondoka zenyewe. Zinameza zaidi, ila zinasagasaga mabua na kudai injini yenye nguvu. Anayetaka mabua marefu ya kufunga robota bado ana sababu ya kupenda aina ya zamani.

Punje zote, zilizodondoka kwenye wavu na zilizodondoka kwenye mabati, zinakutana kwenye sahani inayotikiswa. Bado hazijawa safi. Zimechanganyika na makapi, vipande vifupi vya mabua, mbegu za magugu na vichwa vya masuke ambavyo havikupurwa. Sahani inazisogeza hadi ukingoni, na pale zinapoanguka kuelekea kwenye chekeche, feni kubwa iliyo chini inapuliza.

Kila aliyewahi kusimama uani na ungo anaijua kanuni hii. Mpepetaji hurusha nafaka juu, akangoja upepo ubebe kilicho chepesi na kuacha kilicho kizito kirudi. Kombaini inafanya hivyo bila kungoja upepo wa Mungu. Punje ya ngano iliyokauka hubebwa upepo ukifika mita 8 hivi kwa sekunde, kapi huruka kwa mita 2 au 3. Kati ya namba hizo mbili kuna nafasi nzuri ya kufanyia kazi. Kinachosumbua ni vipande vifupi vya bua vyenye kifundo, ambavyo uzito wake unaikaribia punje, na hivyo ndivyo vinavyohitaji chekeche.

Chekeche ziko mbili, moja juu ya nyingine, zote zinatikisika. Ya juu ina vibao vidogo vya bati vinavyoweza kufunguliwa au kufungwa. Inapitisha punje na vichwa vidogo, na kuacha mabua marefu yaende nje. Ya chini imefungwa zaidi, inapitisha punje peke yake. Kilichopita zote mbili kinapandishwa na lifti ya vikombe au vibao hadi tangini. Kilichopita ya juu kikakwama kwenye ya chini, hasa vichwa ambavyo havijapurwa, kinachukuliwa na lifti nyingine na kurudishwa kwenye ngoma kupurwa upya. Marejeo haya yanatakiwa yawe kidogo. Yakiwa mengi na ukayakuta yamejaa punje safi badala ya vichwa, basi chekeche ya chini imebanwa mno, na ngano nzuri inazunguka ndani ya mashine ikivunjwa mara ya pili na ya tatu.

Kuhusu feni, kuna kosa ambalo hata madereva wazoefu hulifanya. Wakiona punje zimedondoka nyuma pamoja na makapi, wanafikiri upepo ni mkali, wanaupunguza. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingi upepo ni mdogo. Makapi hayanyanyuliwi, yanalala juu ya chekeche kama blanketi, na punje zinateleza juu yake hadi nje. Ukipunguza upepo zaidi, upotevu unaongezeka. Kinachoweza kukuonyesha tofauti ni kuisimamisha mashine ghafla ikiwa imejaa, injini izimwe mara moja, kisha ufungue nyuma na kuangalia chekeche yenyewe. Ukikuta blanketi la makapi, upepo uongezwe. Ukikuta chekeche iko tupu sehemu ya mbele na punje zimerundikana mwishoni, upepo upunguzwe. Kabla ya mtu kuingiza mkono au kichwa humo, funguo ya mashine iwe mfukoni mwake yeye, si kwa dereva.

Linalofuata linawashangaza wanaotoka kwenye matrekta. Trekta likikutana na mlima au udongo mzito, unacheza na mafuta. Kwenye kombaini mafuta hayachezewi: injini inakaa kwenye kasi yake kamili tangu unapoingia shambani hadi unapotoka. Ngoma, mabati ya kutikisa, chekeche na feni vyote vinaendeshwa na injini hiyo kwa mikanda na minyororo. Ukipunguza mafuta ili upite taratibu kwenye ngano nzito, umepunguza pia ngoma, umepunguza na upepo, wakati mzigo ulio ndani haujapungua. Anayetaka kwenda polepole abadilishe gia au asogeze mkono wa mwendo, injini iachwe ilie ilivyokuwa. Mashine za farasi zilikuwa na tatizo hili bila dawa. Mitambo yake ilizungushwa na gurudumu lililogusa ardhi, kwa hiyo farasi wakichoka, ngoma nayo inachoka.

Mpaka hapo punje imefika tangini. Kwa ngano ya magunia 8 ya kilo 100 kwa ekari, mashine yetu ikienda kilomita 4 na nusu kwa saa, tangi linapata karibu kilo 75 kila dakika. Sura ya tangi linalojaa inafurahisha, na ndiyo inayowadanganya wenye mashamba. Wanasimama pembeni ya trela wakiangalia kinachoingia. Tangi halina habari ya kilichopotea. Habari hiyo imelala chini ya mstari wa mabua, na kuisoma kunataka fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita, na goti la kupiga chini.

Tuisome mara moja kwa hesabu. Fremu yetu ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo tunachohesabu ndani yake tunazidisha kwa 4. Punje 25 za ngano nzuri zina uzito wa gramu 1, na gramu 1 kwa kila mita ya mraba ni kilo 4 kwa ekari. Mashine isiwe inatawanya mabua, iyaache kwenye mstari.

Kwanza weka fremu kwenye ngano ambayo haijavunwa. Umekuta punje 5 chini. Hizo ziliangushwa na upepo, ndege na kuchelewa, kombaini haina kesi nazo. Pili, weka fremu mahali palipokwisha vunwa lakini nje ya mstari wa mabua, ambapo pamepitiwa na meza ya kukatia tu. Umekuta 15. Toa zile 5, zimebaki 10, sawa na 40 kwa mita ya mraba. Huo ni upotevu wa kisu na gurudumu la vibao: gramu 1.6, au kilo 6 na nusu kwa ekari.

Tatu, inua mabua ya mstari, uyakung'ute vizuri, uweke fremu hapohapo chini yake. Umekuta punje 165. Toa zile 15 ambazo zingekuwepo hata bila mstari, zimebaki 150, yaani 600 kwa mita ya mraba. Hapa mtu hushika kichwa, maana 600 ni gramu 24, na gramu 24 kwa mita zinakaribia gunia zima kwa ekari.

Asishike kichwa bado. Mashine imekusanya ngano ya upana wa mita 5, lakini imeitupa nyuma kwenye upana wa tumbo lake, mita 1 na robo. Kilicho kwenye mstari ni upotevu wa eneo kubwa mara nne uliorundikwa mahali pamoja. Gawa kwa 4: ni punje 150, gramu 6, kilo 24 kwa ekari. Pamoja na zile za meza tumefika kilo 31 hivi kwenye ngano ya kilo 800, karibu asilimia 4. Si gunia, lakini si kidogo.

Sasa angalia punje zenyewe. Zilizo huru, zimetoka kwenye maganda, zilishapurwa, kwa hiyo ngoma imefanya kazi yake na kosa liko kwenye mabati ya kutikisa au kwenye chekeche. Zingekuwa bado kwenye masuke tungerudi kwenye ngoma. Hizi ziko huru, na nyingi zimedondoka pale mabua marefu yalipolala. Dhana ya kwanza ni kwamba mabati yamezidiwa. Mashine ilikuwa ikienda kilomita 6 kwa saa. Mwambie dereva aende 4 na nusu, injini kasi ileile, avune mita 50 hivi, kisha upime tena. Umekuta punje 60 kwenye fremu. Toa 15, zimebaki 45, ambazo ni 180 kwa mita, ukigawa kwa 4 unapata 45: kilo 7 na kidogo kwa ekari. Umeokoa kilo 17 kwa kila ekari bila kugusa spana. Ingekuwa kupunguza mwendo hakukubadilisha kitu, tungegeukia feni na chekeche.

Dereva wa kukodi hatafurahi. Yeye analipwa kwa ekari, na mwenye mashine anampigia simu kumwuliza amefika wapi. "Mama, tukienda hivi jua litazama hatujamaliza," atasema, na hasemi uongo. Kwa kilomita 6 mashine ya mita 5 inafunika ekari 7 na kitu kwa saa, ukiacha muda wa kugeuza na kumwaga. Kwa 4 na nusu inafunika 5 na nusu. Shamba la ekari 40 litamchukua karibu saa mbili zaidi. Upande wa pili wa hesabu, kilo 17 kwa ekari 40 ni kilo 680, magunia karibu 7.

Kwa hiyo mazungumzo ya bei yafanyike kabla mashine haijaingia shambani, na mwendo uwe sehemu yake. Wapo wenye mashamba wanaokubali kuongeza kidogo kwenye bei ya ekari kwa sharti la kwenda kwa mwendo uliopimwa, wakilipia hizo saa mbili za dizeli na jasho. Wengine wanasema tu kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya fremu kuwekwa mahali patatu, dereva akiwepo. Upimaji wenyewe ukishazoeleka hauchukui muda kuliko ule wa kumwaga tangi, na unafaa urudiwe mchana, ngano ikishakauka zaidi, kwa sababu namba za saa tano si namba za saa tisa.